Kontena la futi 20 kuwa chumba: moto kwanza, rangi pili, povu mwisho

Maswali yanayoulizwa kuhusu makontena hayabadiliki. Nikate dirisha kabla ya kupaka rangi au baada? Mbona nimebandika stairofomu kuta zote na chumba bado kinachoma? Kontena si limetengenezwa lisishike kutu? Karibu yote yanatokana na jambo moja, nalo ni mpangilio wa kazi. Kila kazi ya moto, yaani kukata na kuchomelea, imalizike kabla hujafungua kopo la rangi. Rangi nayo imalizike kabla bodi moja ya povu haijaingia ndani. Ukigeuza mpangilio huo utaunguza kazi yako mwenyewe, na mara nyingine utaunguza kontena zima.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni chumba cha afande mmoja mstaafu, mjini Arua, Uganda. Alikuwa na kontena la futi 20 kwenye kiwanja kisicho na mti hata mmoja, akataka chumba cha kulala chenye nafasi ya meza ya kuandikia. Arua ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi jua ni kali na hewa ni kavu, kisha mvua huja kwa fujo. Ukiwa Kampala au Mbarara joto halitakusumbua sana kama hapo, lakini mvua ni ile ile.

Kabla hujanunua

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 kwa nje, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Ndani unabaki na karibu mita 5.9 kwa 2.35, na kimo cha mita 2.39. Likiwa tupu lina uzito unaozidi kidogo tani 2, kwa hiyo uliza mapema kama lori lenye winchi au kreni litafika kiwanjani kwako. Uliza pia ofisi ya jiji au wilaya kuhusu kibali. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ipo, na kontena wanalolala watu ni jengo, hata kama jirani anakuambia ni sanduku tu.

Ingia ndani mchana, mwenzako akufungie milango kwa nje, usubiri macho yazoee giza. Kila kitone cha mwanga unachokiona ni tundu. Kisha toka uchukue bisibisi ya zamani, uichome kwa nguvu kwenye mhimili wa chini pande zote nne, na kwenye vyuma vinavyopita chini ya sakafu. Kutu inayobanduka juu juu haina neno. Bisibisi ikizama, hapo chuma kimekwisha.

Tazama pia kibati kilichopigwa mlangoni. Sakafu ya kontena ni plaiwudi ya milimita 28 iliyotiwa dawa ya wadudu, na kwenye kibati kuna mstari wenye herufi `IM`, jina la dawa na tarehe. Hiyo dawa haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayelala humo. Ukikuta mafuta yamemwagika sakafuni, au harufu kali inakuwasha macho, tafuta kontena jingine.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa chumba cha afande, chenye mlango mmoja na madirisha mawili, orodha ilikuwa hivi:

- Paipu za mraba za 50 × 50, unene wa milimita 3: vipande 4 vya mita 6, kimoja kikiwa cha akiba
- Paipu za mraba za 40 × 40 kwa ajili ya paa la pili, na mabati 10 ya futi 12, geji 28
- Skurubu za kujitoboa zenye washa ya raba
- Engo ndogo za chuma za kushikia mbao, na boliti moja nene ya nyaya ya ardhi
- Grinda, diski nyembamba za kukatia, diski za kusugulia na brashi ya waya
- Mashine ya kuchomelea na vijiti `E6013` vya milimita 2.5
- Praima ya zinki, praima ya kawaida ya chuma, na rangi ya mafuta ya rangi nyeupe au krimu
- Gundi ya kuziba ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni haishiki rangi, iache.
- Bodi za stairofomu za milimita 50, kama 19 za mita 2.4 × 1.2
- Mbao za 50 × 50 zilizotiwa dawa ya mchwa, kavera nzito, utepe wa kuunganishia, plaiwudi ya ndani
- Miwani, kinga ya masikio, barakoa, glavu za ngozi, na ndoo mbili za mchanga

Hatua ya 1: Kuliweka

Jua letu hupita karibu na utosini mwaka mzima, likitokea mashariki na kuzama magharibi. Kwa hiyo elekeza zile kuta fupi mashariki na magharibi, na kuta ndefu kaskazini na kusini. Ukifanya kinyume, ukuta mrefu wa mita 6 utapigwa jua la saa kumi jioni, ambalo ndilo linaloingia chumbani wakati unataka kupumzika.

Kontena hubebwa na pembe zake nne tu. Chimba mashimo manne, mwaga zege, na uinue nguzo hadi sentimita 45 juu ya ardhi. Juu ya kila nguzo acha bamba la chuma lenye miguu iliyozama ndani ya zege. Kontena likishakaa, pembe zake zitachomelewa kwenye mabamba hayo ili dhoruba isilisogeze. Kimo cha sentimita 45 ni cha makusudi, kwani hewa inapita chini, mchwa wanaonekana wakijenga njia, na wewe unaweza kulala chali na brashi ukapaka rangi upande wa chini. Usiingie chini yake likiwa bado linaning'inia kwenye kreni.

Pima kwa pimamaji, kisha funga na kufungua milango ya asili. Ikikwaruza au ikigoma, pembe moja iko chini kuliko nyingine. Rekebisha kwa jeki na vipande vya bamba sasa hivi. Kontena lililopinda kabla ya kukatwa litabaki limepinda, na dirisha lako halitafungika kamwe.

Hatua ya 2: Kuchora matundu

Nguzo za pembe, mhimili wa juu na mhimili wa chini ndiyo mifupa ya kontena. Hivyo haviguswi na grinda kwa sababu yoyote. Ukuta wa bati lenye migongo na mabonde ni mwembamba, chini kidogo ya milimita 2, lakini ndio unaozuia mifupa hiyo isiyumbe. Ukikata tundu umeondoa sehemu ya nguvu hiyo, na fremu ya paipu ndiyo inayoirudisha.

Afande alitaka mlango wa sentimita 90 kwenye ukuta mrefu wa kaskazini, dirisha la 120 × 90 kando yake, na dirisha la pili la ukubwa ule ule ukuta wa kusini, likitazamana na la kwanza ili upepo upenye. Milango mikubwa ya asili ilibaki na kufungwa. Acha angalau sentimita 30 kati ya tundu na nguzo ya pembe.

Sasa zingatia migongo na mabonde. Kila mgongo una sehemu bapa ya kama sentimita 7, na bonde hivyo hivyo. Mistari yako ya wima iangukie kwenye sehemu bapa, si kwenye mteremko. Kama sentimita 90 inaangukia kwenye mteremko, ongeza au punguza mpaka ufike pabapa, kisha agiza mlango kwa kipimo hicho kipya. Ndiyo maana mlango haununuliwi kabla tundu halijachorwa. Ukishachora, toboa tundu dogo kwenye kila kona kutoka ndani, halafu toka nje uunganishe vitobo kwa chaki. Hapo utakuwa na mchoro ule ule pande zote mbili.

Unataka uwazi wa mita 3, kama wa kibanda cha kuuzia soda? Hilo ni jambo jingine. Mhimili wa juu utahitaji boriti nzito zaidi, na hesabu yake apige mhandisi.

Hatua ya 3: Kukata

Ondoa rangi ya zamani sentimita 5 kila upande wa mstari, ukiwa na barakoa, maana rangi za melini zikiungua hutoa moshi mbaya. Kata kwa grinda, si kwa gesi. Moto wa gesi hulipindisha bati jembamba, na mawimbi yake hayatoki tena.

Anza na mistari ya wima, kisha ya mlalo, lakini acha sentimita 5 bila kukata kwenye kila kona. Vishikizo hivyo vinne vitalizuia bati lisidondoke au kubana diski. Mwisho kabisa mwenzako ashike, wewe umalizie kona, ukianza na za chini. Kipande cha mlango kina uzito wa kilo 25 hadi 30, na kingo zake ni wembe. Usikitupe. Vipande vya madirisha ya afande vilifungwa bawaba vikawa vifuniko vya usiku, na mwizi anayepita barabarani haoni hata pa kuanzia.

Onyo moja ambalo wengi hulipuuza: cheche za grinda zinazotua juu ya paa na ukuta ni chembe za chuma moto. Zinajishika kwenye rangi, na baada ya mvua mbili utaona ukuta umejaa vidoa vyekundu. Funika sehemu ya chini kwa turubai lililoloweshwa, na ukimaliza siku fagia na kufuta kila mahali.

Hatua ya 4: Fremu

Paipu ya 50 imechaguliwa kwa sababu kina cha bonde la ukuta ni milimita 36. Uso wa paipu unafunika mgongo na bonde kwa pamoja, kwa hiyo hutabaki na mianya ya kuziba kwa vibati. Ukipewa paipu ya 30 kwa kuwa ni nafuu, utalipa tofauti hiyo kwa vijiti na jasho.

Kwa mlango, paipu mbili za wima zitoke mhimili wa chini hadi mhimili wa juu, zichomelewe kote kuwili, na paipu ya mlalo ikae kati yake juu ya mlango. Kwa madirisha ya sentimita 120, fremu ya pande nne inatosha.

Shika kwanza kwa vitone vidogo vya kuchomelea kwenye kona, pima mshazari mmoja na wa pili. Vipimo vikilingana, fremu iko mraba. Kisha chomelea kipande cha sentimita 3, ruka sentimita 15, piga kingine, hamia upande wa pili wa tundu, na urudi baadaye kujaza mapengo. Ukivuta mstari mmoja kutoka juu hadi chini bila kupumzika, bati litapata joto na kutoa kitambi ambacho hakirudi. Moto wa mashine uwe mdogo, kwani ukiona bati linatoboka badala ya kushikana, umezidisha. Paipu zenye zinki zisugue mpaka chuma kionekane kabla ya kuchomelea, na fanya kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa usiku huo huo.

Juu ya kila dirisha na mlango chomelea engo iliyoinama kidogo nje, kama sentimita 5, iwe kofia ya kutupa maji.

Hatua ya 5: Moto wote uliobaki

Kabla hujazima mashine, pitia orodha ya kila kitu kitakachohitaji kuchomelewa, maana baada ya hapa moto hauruhusiwi.

Kata matundu ya hewa: mawili ya 15 × 30 karibu na sakafu upande wa kusini, mawili mengine karibu na dari upande wa kaskazini, kila moja na fremu yake. Vile vitundu vidogo vya asili vya kontena havimtoshi mtu anayelala. Ndani, chomelea engo ndogo kila sentimita 60 kwenye mhimili wa juu na wa chini, za kufungia mbao. Kwa njia hiyo hutapiga skurubu hata moja kupenya ukuta, na kila skurubu usiyoipiga ni tundu la kutu usilokuwa nalo. Chomelea boliti ya nyaya ya ardhi kwenye mhimili wa chini. Mwisho, chomelea miguu ya paa la pili, nayo ikae juu ya pembe na mihimili ya juu, si juu ya bati la paa.

Hatua ya 6: Kutu

Chuma cha kontena huitwa koteni. Kina shaba kidogo ndani yake, na kutu yake ya kwanza hugeuka gamba gumu linalolinda kilicho chini. Lakini gamba hilo huundwa tu pale chuma kinapolowa na kukauka tena. Maji yakituama, kutu huendelea kula mpaka ng'ambo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kwa vidoa vilivyo katikati ya ukuta. Nenda kwenye mibonyeo ya paa, nyuma ya raba za milango, ndani ya mhimili wa chini, na kwenye kila ukingo uliokata wewe mwenyewe.

Anza kwa kuosha kontena lote kwa maji safi na sabuni. Limevuka bahari, na chumvi iliyofichwa chini ya rangi mpya huivimbisha mapovu. Likikauka, piga brashi ya waya na grinda mpaka kinachobanduka kimebanduka chote. Palipotoboka pasipakwe rangi. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, na ukumbuke kwamba kiraka hicho kilipaswa kuchomelewa katika hatua ya 5, kwa hiyo kagua mapema.

Kingo zote ulizokata zisugue ziwe butu. Rangi hukimbia ukingo mkali na kubaki nyembamba pale pale inapohitajika zaidi. Halafu chukua brashi ndogo, upake praima ya zinki kwenye kingo na mishono ya kuchomelea peke yake, kabla ya kupaka eneo kubwa. Fanya hivyo siku ile ile uliyosugua, kabla umande haujashuka. Ukiacha hadi asubuhi, chuma kitakuwa kimeshageuka rangi ya chungwa.

Baada ya hapo ni mkono mmoja wa praima kote, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, ukiheshimu muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo. Mkono wa kwanza uwe na rangi tofauti kidogo na wa pili, ili uone ulipoparuka. Paa liwe jeupe. Vyuma vya chini ya sakafu vipake rangi ya lami.

Mishono mirefu kati ya fremu na ukuta izibe kwa gundi ya poliyurethani baada ya praima, si kabla. Gundi inayoshika chuma kitupu huachia kutu ikianza chini yake.

Sasa jaribu maji. Mwenzako akae ndani na tochi, wewe mwagilia kila dirisha kwa mpira robo saa nzima, ukianzia chini ukipanda juu. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi. Usisonge mbele mpaka ndani pawe pakavu.

Hatua ya 7: Paa la pili

Kama fedha yako inatosha jambo moja tu la kupambana na joto, basi fanya hili na uache stairofomu. Joto kubwa la kontena linatoka juu. Paa la pili linalipokea jua lenyewe, upepo unapita katikati na kuondoka na joto, na bati la kontena linabaki kivulini. Linakinga mvua pia, kwa hiyo ile mibonyeo ya paa haituamishi tena maji. Watu wengi hukaza fikra kwenye unene wa povu na kulisahau jambo hili, wakati fundi yeyote wa mabati anaweza kulifanya kwa siku chache.

Miguu ya upande wa chini iwe na sentimita 30, ya upande wa juu sentimita 75. Kwa upana wa mita 2.44 hiyo inatoa mteremko wa kama digrii 10, unaotosha kuondoa maji. Bati la futi 12 litatokeza karibu sentimita 58 kila upande na kuvika kuta kivuli. Kwa urefu, tokeza sentimita 60 mashariki na 60 magharibi. Ukichukulia kila bati linafunika sentimita 75, mabati 10 yanafika. Funga kwa skurubu zenye washa ya raba kwenye paipu, karibu karibu zaidi pembezoni ambako upepo huanzia kung'oa.

Nafasi ile ya katikati iachwe wazi pande zote. Weka wavu wa kuzuia popo na ndege, basi. Nimeona watu wakiiziba kwa mbao ili ipendeze, na hapo hewa moto inakaa juu ya dari yako mpaka saa tatu usiku.

Hatua ya 8: Povu na ukuta wa ndani

Hakikisha mashine ya kuchomelea imeshaondoka kiwanjani. Stairofomu hushika moto haraka na moshi wake unaua.

Kuta na dari ya chumba cha afande vilikuwa mita za mraba 53. Ukitoa milango na madirisha unabaki na karibu 49, na bodi ya 2.4 × 1.2 inafunika 2.88. Hizo ni bodi 17, na 2 za vipande vinavyopotea. Funga mbao za wima kwenye zile engo, kisha kata bodi ziingie kwa kubana katikati ya mbao. Mianya iliyobaki ijaze kwa povu la kopo. Nyuma ya bodi kutakuwa na mabonde ya ukuta yanayosimama kama mabomba, kwa hiyo yazibe juu na chini kwa povu hilo hilo, la sivyo hewa yenye unyevu itazunguka humo.

Gundi ya viatu na nyingine zenye harufu ya petroli huiyeyusha stairofomu mbele ya macho yako. Jaribu tone moja kwenye kipande kabla ya kununua kopo zima. Nyaya za umeme nazo zipite ndani ya paipu za plastiki. Ukizilaza moja kwa moja kwenye stairofomu, plastiki yake hukauka na kupasuka miaka inavyokwenda.

Juu ya bodi, upande wa chumbani, tandaza kavera nzito. Vipande vipishane sentimita 15 na kufungwa kwa utepe, hata kuzunguka madirisha. Sababu ni hii: usiku chuma hupoa haraka, na pumzi ya watu wawili waliolala ni maji mengi. Hewa hiyo ikifika kwenye chuma baridi inageuka matone. Kavera inaizuia isifike. Kisha funga plaiwudi.

Ukiwa Kampala na una uwezo, povu la kupuliziwa ni bora, maana linashikana na chuma na haliachi nafasi ya hewa. Kwa Arua, gharama ya kumleta fundi na mashine yake kwa chumba kimoja sikuona kama inalipa.

Sakafu ya asili isugue kwa sabuni, iache ikauke kabisa, uipake epoksi mikono miwili na kutandika zulia la plastiki juu. Usiipige msasa, utavuta vumbi la dawa. Matundu ya hewa na madirisha yavikwe wavu wa mbu.

Fundi umeme aliyesajiliwa aunganishe ile boliti na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, na aweke swichi inayokata umeme unapovuja. Kuta zote za chumba hiki zinapitisha umeme, kwa hiyo kazi hii si ya kijana wa mtaani. Sigiri isiingie ndani hata usiku wa baridi. Chumba kilichozibwa vizuri hivi kinajaa hewa ya sumu kabla mtu hajaamka.

Mambo yakienda kombo

*Asubuhi kuna maji ukutani na mvua haikunyesha.* Bandika kipande cha kavera cha sentimita 30 ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, usubiri siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, ni pumzi na mvuke: fungua matundu ya hewa, mara nyingi mtu ameyaziba kwa gazeti. Yakitokea nyuma ya kavera, maji yanatoka ukutani. Rudia jaribio la mpira.

*Michirizi ya kutu chini ya dirisha.* Ukiwa mmoja unaoanzia kwenye kona, ukingo haukubutuliwa au gundi imeachia. Kwangua, praima ya zinki, gundi upya. Vikiwa vidoa vingi vilivyotawanyika, hizo ni cheche za grinda. Vinasuguliwa kwa brashi ya plastiki na sabuni, kisha mkono wa rangi.

*Mchana pazuri, usiku panachoma.* Povu linazuia joto kuingia, na linalizuia kutoka vile vile. Fungua matundu ya juu na ya chini kuanzia jioni. Pima kwa kipimajoto kimoja ndani na kingine nje kivulini saa nane mchana. Ndani pakizidi nje kwa zaidi ya digrii 3 au 4, panda ukaangalie nafasi ya paa la pili, huenda imejaa majani au viota.

*Mlango uliokuwa unafunguka sasa unagoma.* Baada ya mvua za kwanza nguzo moja inaweza kuzama. Weka pimamaji kwenye mhimili wa chini kabla ya kumlaumu seremala. Kata mshono wa bamba kwenye pembe iliyozama, inua kwa jeki, ongeza kipande cha bamba, na fundi achomelee tena kwa nje huku mtu akiwa ndani na ndoo ya maji, mkono ukigusa plaiwudi iliyo karibu kuona kama inapata joto.

*Unagusa ukuta unasikia mtekenyo.* Zima swichi kuu, toeni watu wote nje, na asiingie mtu mpaka fundi umeme amekuja na kipimo chake.